Oda Zinalala Wapi? Kusoma Nyakati za Skana Ghalani

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni msimamizi wa zamu katika ghala la bidhaa za nyumbani na vipodozi hapa Dar es Salaam. Tunatoa oda zipatazo 200 kwa siku, tuna wakusanyaji 12 na meza nne za kufungashia, na kila hatua tunaiskani. Ripoti inaonyesha kwamba oda moja hukusanywa kwenye rafu kwa wastani wa dakika 22, hufungashwa kwa dakika 5 na hupakiwa kwa dakika 2. Gari la Morogoro linapaswa kuondoka saa nane mchana na mawili ya mjini saa kumi jioni, lakini yote huchelewa. Meneja anataka kuajiri wakusanyaji sita zaidi, kwa sababu huko ndiko kwenye dakika nyingi. Nimekutumia faili la matukio ya siku kumi. Je, nyakati hizi za skana zinaweza kuonyesha kweli kazi inakwama wapi?

Jibu: Ndugu yangu, zinaweza, ila si kupitia ile ripoti ya wastani. Ripoti hiyo inaeleza mtu mmoja hushika oda moja kwa muda gani, ilhali unachohitaji kujua ni oda ngapi hutoka katika kila hatua kwa saa moja, na kabla ya kutoka zilikuwa zimelala wapi. Basi la Mbagala hutumia muda mrefu njiani kuliko bodaboda, lakini hakuna anayesema kwa sababu hiyo kwamba basi ndilo linaloacha watu kituoni. Wakusanyaji wako ni 12, na faili linaonyesha kwamba kila mmoja hukamilisha mzunguko wake kwa dakika 24, yaani zile 22 za kwenye rafu pamoja na mbili za kushusha kreti na kuchukua oda mpya. Kwa pamoja basi wanatoa oda 30 kwa saa, au oda moja kila baada ya dakika mbili. Ukiitazama hivyo, namba iliyomtisha meneja haitishi tena.

Hatua inayobana hutambulika kwa dalili mbili zinazotokea kwa pamoja: kazi hurundikana kabla yake, na hatua inayoifuata hukaa ikingoja. Dalili moja peke yake haitoshi, na sababu yake itaonekana tutakapofika kwenye upakiaji.

Kabla ya kuhesabu chochote ilinibidi nizikague saa zenyewe, na nakushauri usiiruke kazi hii hata kama inachosha. Faili lako lina safu mbili za muda, yaani muda uliowekwa na skana yenyewe na muda ambao seva ilipokea tukio. Nilitoa mmoja kutoka kwa mwingine kwa kila tukio. Katika skana nyingi tofauti ilikuwa sekunde moja au mbili, na hiyo ni safari ya kawaida ya mtandao. Skana moja ya mezani ilikuwa nyuma kwa takribani dakika nne siku zote kumi, jambo linaloonyesha kwamba saa yake ya ndani haijarekebishwa. Hiyo niliisahihisha kwa kuiongezea dakika hizo. Skana za wakusanyaji wa rafu za nyuma zilikuwa na tatizo jingine kabisa. Tofauti yao ilibadilika kutoka sekunde mbili hadi dakika 20, na matukio mengi yalifika kwenye seva kwa mkupuo katika sekunde ileile. Maana yake ni kwamba mtandao hauwafikii kule nyuma, kwa hiyo skana hutunza matukio na kuyatuma mkusanyaji anaporudi karibu na mlango. Kwa skana hizo muda wa kuaminika ni wa skana. Mtu anayetumia muda wa seva ataona kana kwamba bidhaa zilitoka kwenye rafu dakika 20 baadaye kuliko ilivyokuwa, na dakika hizo zote atawabebesha wakusanyaji bila kosa.

Seva yako pia inaandika kwa UTC, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu, hivyo tukio la saa mbili asubuhi linaonekana 05:00. Hilo husahihishwa kwa mara moja. Linalosumbua zaidi ni marekebisho yanayoingizwa kwa mkono, kwa sababu nimekuta matukio kadhaa ya saa 02:00 usiku, wakati ambapo ghala limefungwa. Nadhani karani aliandika saa mbili kama tunavyoisema, na mfumo ukaichukua kama ilivyo. Hayo niliyaondoa.

Kuna kosa la tatu ambalo halionekani kwenye saa. Mara chache, kwenye meza moja, oda nne au tano zinaonekana kumalizika ndani ya sekunde kumi. Hakuna mtu anayefunga maboksi matano kwa sekunde kumi. Mfungashaji alikuwa amefungasha kwanza, kisha akaskani yote kwa pamoja. Oda za namna hiyo hazina muda wa kweli wa kuanza wala wa kumaliza, kwa hiyo niliziacha nje ya hesabu ya muda wa kila meza, ingawa nilizibakiza katika hesabu ya idadi ya siku.

Baada ya usafi huo nilitengeneza mstari mmoja kwa kila oda, wenye nyakati nne tu:

```sql
CREATE VIEW oda_muda AS
SELECT oda_id,
  max(muda) FILTER (WHERE tukio = 'SHUSHA')   AS imeshushwa,
  min(muda) FILTER (WHERE tukio = 'FUNGASHA') AS imeanzwa,
  max(muda) FILTER (WHERE tukio = 'FUNGASHA') AS imefungwa,
  min(muda) FILTER (WHERE tukio = 'PAKIA')    AS imepakiwa
FROM matukio
GROUP BY oda_id;
```

Tazama neno `max` kwenye mstari wa kushusha. Baadhi ya oda zenu hugawanywa katika kreti mbili zinazobebwa na wakusanyaji wawili. Kreti ya kwanza ikishushwa saa nne kamili na ya pili saa nne na dakika 35, oda hiyo haiwezi kufungashwa kabla ya kreti ya pili kufika. Ukihesabu kuanzia kreti ya kwanza, meza ya kufungashia italaumiwa kwa dakika 35 ambazo kwa hakika zilipotelea kwenye rafu. Mna bahati kwamba mnaskani kreti inaposhushwa, kwa maana maghala mengi hayana tukio hilo, na hulazimika kukisia kutokana na bidhaa ya mwisho iliyotolewa kwenye rafu.

Sasa tunaweza kuiona foleni. Kila oda inaposhushwa tunaongeza moja, kila oda inapoanza kufungashwa tunatoa moja, kisha tunajumlisha kwa mfuatano wa muda:

```sql
SELECT muda, sum(badiliko) OVER (ORDER BY muda) AS foleni
FROM (
  SELECT imeshushwa AS muda, 1 AS badiliko FROM oda_muda
  UNION ALL
  SELECT imeanzwa, -1 FROM oda_muda
) AS x
WHERE muda IS NOT NULL
ORDER BY muda;
```

Iendeshe kwa siku moja moja, kwanza bila kuondoa oda zilizokosa tukio mojawapo kati ya hayo mawili. Foleni ikishuka chini ya sifuri, kuna saa isiyo sahihi au kreti ambayo haikuskaniwa iliposhushwa. Ikibaki juu ya sifuri baada ya ghala kufungwa, kuna oda iliyofungashwa bila kuskaniwa. Baada ya ukaguzi huo ziondoe oda hizo na uiendeshe tena. Mchoro huu kwa hiyo unajikagua wenyewe, na hiyo ndiyo sababu naupenda kuliko ripoti yoyote ya wastani.

Nichukue Jumanne ya wiki ya kwanza, siku iliyokuwa na oda 200 kamili. Saa tatu asubuhi oda nane zilikuwa zinasubiri meza. Saa sita mchana zilikuwa 23, na saa tisa alasiri, wakusanyaji walipomaliza oda ya mwisho, zilikuwa 38. Kuanzia hapo foleni ikaanza kushuka, na ikaisha saa kumi na nusu jioni, nusu saa baada ya wakati ambao magari ya mjini yalipaswa kuwa barabarani. Ukiangalia mchoro utaona kwamba foleni haikupanda kwa vishindo. Ilipanda kwa oda tano kila saa, asubuhi hadi alasiri, kama ndoo inayojazwa na bomba linaloingiza maji kwa kasi kidogo zaidi ya yanavyotoka kwenye tundu lililo chini yake. Oda 30 zinaingia kwa saa na 25 zinatoka. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza, na iko kabla ya kufungasha.

Kuna njia ya kuhakikisha kwamba hatujadanganywa na data. John Little alithibitisha mwaka 1961 kanuni inayosema kwamba wastani wa vitu vilivyomo ndani ya foleni ni sawa na kasi ya vinavyopita, mara wastani wa muda ambao kila kimoja kinakaa humo. Jumanne hiyo foleni ilianza tupu na kuisha tupu, kwa hiyo kanuni inapaswa kukubali bila mashaka. Wastani wa foleni kwa saa nane za kufungasha ulikuwa oda 21, na kasi ilikuwa 25 kwa saa, hivyo kila oda ilipaswa kusubiri kwa wastani wa dakika 50. Nilipopima kusubiri kwa kila oda moja moja na kutafuta wastani wake, nilipata dakika 51. Zingetofautiana kwa robo saa ningerudi kutafuta matukio yaliyopotea kabla ya kuendelea.

Hapa ndipo fumbo linapoanza. Ripoti inasema kufungasha huchukua dakika 5. Meza moja ya dakika 5 ingetoa oda 12 kwa saa, na meza nne zingetoa 48. Kwa nini basi zinatoka 25? Karibu nusu ya uwezo imepotea mahali ambapo skana haioni.

Dakika 5 hizo ni kutoka skani ya kwanza ya kufungasha hadi ya mwisho. Hazisemi lolote juu ya kinachotokea kati ya skani ya mwisho ya oda moja na skani ya kwanza ya oda inayofuata. Kwa hiyo kwa kila meza nilipima muda kutoka mwanzo wa oda moja hadi mwanzo wa oda inayofuata, tena kwa vipindi ambavyo foleni haikuwa tupu. Sharti hilo la mwisho ni la lazima. Mezani pasipokuwa na kazi, muda mrefu kati ya oda mbili ni mapumziko ya halali, na ukiuchanganya na muda wa kazi hutajua unapima nini. Jibu lilikuwa dakika 9.6 kwa kila oda. Kazi inayoskaniwa ni dakika 5, na dakika 4.6 hazina jina.

Mtu mwenye haraka angesema wafungashaji ni wavivu. Niliwahi kuandika maneno ya namna hiyo kwa wenye ghala moja miaka iliyopita, na nikalazimika kuyafuta kwa aibu baada ya kusimama karibu na meza zao kwa asubuhi moja. Tangu hapo sisemi lolote juu ya mtu kabla ya kulitenga pengo kwa idadi ya watu wanaofanya kazi kwa wakati mmoja.

Katika siku zako kumi kulikuwa na vipindi vya meza moja tu, vya meza mbili, na vya meza tatu, ama kwa sababu ya ugonjwa ama kwa sababu ya kupokezana wakati wa chakula. Meza moja ikifanya kazi peke yake hutoa oda 8 kwa saa. Meza mbili hutoa 15, tatu hutoa 21, na nne hutoa 25. Meza ya pili iliongeza oda saba, ya tatu ikaongeza sita, na ya nne ikaongeza nne tu. Wakati huohuo zile dakika 5 za kuskani hazikubadilika hata kidogo. Lililobadilika ni pengo: meza ikiwa peke yake ni dakika 2.5, na zikiwa nne ni dakika 4.6. Uvivu hauna tabia hiyo. Mfungashaji mzito atakuwa mzito hata akiwa peke yake, lakini pengo linalokua kwa kadiri wenzake wanavyoongezeka linaonyesha kwamba wanasubiriana kwa ajili ya kitu kimoja wanachokitumia wote.

Ndiyo maana nilikupigia simu kuuliza mfungashaji hufanya nini baada ya skani ya mwisho, nawe ukanieleza juu ya mashine ya EFD iliyo mwisho wa chumba. Kila oda lazima ipate risiti. Mfungashaji huchukua karatasi ya oda, husimama mbele ya mashine, hutafuta bei kwenye karatasi, huzibonyeza moja baada ya nyingine, hurarua risiti, huibana na hati ya mzigo, kisha ndipo mwenzake husogea. Mashine ni moja kwa meza nne.

Huna skani kwenye mashine hiyo, lakini una shahidi mwingine, kwani kila risiti ya EFD huchapwa na tarehe na saa. Picha za nakala za Jumanne ulizonitumia jioni ile zinatosha. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri risiti zinafuatana kwa wastani wa dakika 2 na sekunde 24, karibu bila pengo lolote refu. Ukigawa dakika 60 kwa muda huo unapata risiti 25 kwa saa, namba ileile tuliyoiona ikitoka kwenye meza. Mashine haikupumzika mchana wote. Hatua inayobana ghala lako ni hiyo, na haimo kwenye orodha yenu ya hatua.

Sasa turudi kwenye upakiaji, kwa sababu mtu akisoma data zako bila uangalifu atasema tatizo liko huko. Kati ya oda kufungwa na kupakiwa, oda ya kawaida hukaa zaidi ya saa mbili, muda ambao ni zaidi ya mara mbili ya ule wa kusubiri meza. Lakini huko kusubiri hakusababishwi na uchache wa wapakiaji. Oda ya gari la saa kumi iliyofungwa saa tano itasubiri hata ukiwa na wapakiaji mia, kwa kuwa gari lenyewe halijafika mlangoni. Hapa una rundo la kazi bila dalili ya pili. Ukitazama skani za kupakia magari ya mjini za Jumanne, zinaanza kama saa tisa na zinafuatana kwa kasi, kisha kuanzia karibu saa kumi zinaanza kuachana. Oda moja inapakiwa, zinapita dakika mbili au tatu, inapakiwa nyingine, kwa mwendo uleule ambao risiti zinatoka. Wapakiaji walikuwa wamesimama wakingoja maboksi. Hiyo ndiyo dalili ya pili tuliyokuwa tukiitafuta, na inaelekeza kidole nyuma, kwenye mashine.

Kwa magari mimi hutumia kipimo kimoja ambacho madereva wenyewe hukielewa haraka. Kwa kila gari chukua oda iliyopakiwa mwisho, na ufuate safari yake. Gari moja la mjini Jumanne hiyo liliondoka saa kumi na dakika 40. Oda yake ya mwisho ilishushwa na mkusanyaji saa tisa kasoro dakika tano, ikaanza kufungashwa saa kumi na dakika 25, ikapakiwa saa kumi na dakika 37. Tangu iliposhushwa hadi gari lilipoondoka ni saa moja na dakika 45, na dakika 90 kati ya hizo ilikuwa kwenye foleni ikisubiri meza. Ukirudia hesabu hii kwa magari yote ya siku kumi, unapata jibu la swali la meneja bila kubishana na mtu.

Tuhesabu basi pendekezo lake. Wakusanyaji 18 kwa mzunguko wa dakika 24 watatoa oda 45 kwa saa, na watamaliza oda 200 kabla ya saa saba mchana. Mashine itakuwa imetoa risiti zisizozidi 110 wakati huo. Oda zaidi ya 90 zitakuwa zimerundikwa sakafuni karibu na meza, kreti zitachanganyika, na oda ya mwisho itafungwa saa kumi na nusu, kama sasa. Mishahara sita haitasogeza gari hata kwa dakika moja.

Gari la Morogoro lina dawa yake isiyo na gharama. Oda zake ni kama 50, nazo zinakusanywa zikiwa zimechanganyika na za mjini tangu asubuhi. Jumanne ile oda yake ya mwisho ilishushwa saa saba na dakika kumi na kukuta nyingine zaidi ya 25 mbele yake, nyingi zikiwa za gari la saa kumi, kwa hiyo ikafungwa baada ya saa nane na robo. Mkitoa oda za Morogoro kwanza, zote zitakuwa zimefungwa kama saa nne na nusu asubuhi, hata mashine ikiwa ileile. Hilo halitaongeza hata oda moja kwa siku, na magari ya mjini bado yatachelewa, lakini gari moja kati ya matatu litaacha kuwa tatizo kuanzia kesho.

Kwa magari ya mjini lazima mzigo wa mashine yenyewe upungue. Njia ya kwanza ni mashine ya pili. Njia ya pili ni kuweka karani mmoja kwenye mashine, ambaye hupelekewa karatasi ya oda tangu kreti inaposhushwa, mwenye bei zilizokwisha kupangwa kwa mfuatano wa kubonyeza, na kazi ya kubana risiti ikafanyika kando. Pima kwa saa ya mkononi muda wa kubonyeza na kuchapa tu, bila kutafuta bei wala kubana. Ukipata dakika moja na nusu, mashine ileile itatoa risiti 40 kwa saa. Meza nazo, zikibaki na dakika 5 zake na moja ya kubeba boksi hadi eneo la kusubiria gari, zitatoa 40 pia. Zote mbili zitakuwa juu ya 30 za wakusanyaji, kwa hiyo oda ya mwisho itakayoshushwa saa tisa itafungwa kama saa tisa na robo. Njia ambayo siikubali ni ile uliyoigusia kwenye simu, ya kutoa risiti moja ya jumla kwa oda kadhaa za wateja tofauti ili kupunguza foleni; kila mauzo yana risiti yake, na hilo si jambo la kurekebishwa na msimamizi wa zamu.

Baada ya hapo hatua inayobana itakuwa ukusanyaji, na swali la meneja litakuwa na maana kwa mara ya kwanza, ingawa kwa oda 200 magari yatakuwa yakiondoka kwa wakati na hutahitaji mtu wa ziada. Siku oda zitakapozidi 220 au 230 swali litarudi, na wakati huo utazame kwanza mapengo marefu kati ya bidhaa mbili za oda ileile. Nimeona machache ya dakika saba hadi kumi, mengi yakiwa kwenye rafu zilezile za sabuni. Skana haijui kwamba rafu ilikuwa tupu na mkusanyaji akangoja mzigo ushushwe kutoka juu, inajua tu kwamba muda umepita.

Kati ya siku kumi, nane zinafanana na Jumanne. Ijumaa ya wiki ya pili haifanani nazo. Siku hiyo oda zilitolewa kwenye mfumo saa nne badala ya saa mbili, meza zilikaa bila kazi hadi baada ya saa nne, na magari yakachelewa kwa saa mbili zaidi. Mashine haikuwa na kosa lolote siku hiyo. Ukichanganya siku zote kwenye wastani mmoja, Ijumaa hiyo itaipunguza foleni ya kufungasha na kukufanya uone kwamba hali si mbaya sana.

Ombi langu ni kwamba muongeze skani moja, ya karani anapomaliza risiti, muipe jina `RISITI`. Kisha chora foleni mbili kila siku, ya kusubiri meza na ya kusubiri risiti. Wiki ya kwanza ya utaratibu mpya, saa tisa alasiri, foleni ya meza inapaswa kuwa oda chache tu, labda tano au sita kwa sababu kreti hushushwa kwa makundi. Ikiwa bado ni karibu 38 na foleni ya risiti ni tupu, basi dakika ninazozihesabu kwenye mashine zilikuwa za kitu kingine kilicho kwenye meza, na nitahitaji unitumie faili la wiki hiyo pamoja na nakala zote za risiti.